Jinsi ya kukadiria kipindi cha seishi katika hori au ziwa, kwa mfano wa maji ya Lamu

Siku ya maji mafu, upepo umetulia na uso wa bahari hauna hata mkunjo, lakini mashua iliyofungwa gatini inavuta kamba mpaka inakaza. Inakaa hivyo dakika kadhaa, kisha kamba inalegea na mashua inaanza kurudi ilikotoka. Ukitazama nguzo ya gati utaona alama ya maji imepanda sentimita chache, na baadaye imeshuka tena. Haifuati mpigo wa wimbi la kawaida, ambalo hupita kwa sekunde chache. Wala haifuati kujaa na kupwa, kunakochukua saa sita na ushei kila upande. Inakwenda kwa dakika: kumi, ishirini, pengine arobaini.

Hiyo ni seishi. Maji yote ya hori au ziwa yanayumba kwa pamoja kwa mdundo wake wenyewe, bila wimbi kuonekana likisafiri kwenda popote. Mdundo huo hauchagui cha kuuanzisha. Unaweza kuanzishwa na kusi lililovuma kutwa kisha likakatika, na dhoruba ya mvua iliyopita na kubadili mgandamizo wa hewa, na makundi ya mawimbi ya mbali, au na tsunami. Kinachoamua urefu wa mdundo ni umbo la beseni lenyewe, hasa urefu na kina chake. Ndiyo maana kipindi kinaweza kukadiriwa mezani kabla hujakwenda kupima kitu.

Utahitaji ramani ya bahari au picha ya setilaiti yenye kipimo cha umbali, kamba yenye bildi ya kupimia kina, jedwali la kujaa na kupwa, saa, na kikokotoo cha simu.

Kwanza amua: maji yamefungwa au yana mdomo?

Hatua hii haina hesabu, lakini ukiikosea jibu lako litakuwa nusu au mara mbili ya kweli. Katika ziwa lililofungwa pande zote, maji hupanda mwisho mmoja huku yakishuka mwisho wa pili. Katikati kuna mstari ambapo uso haupandi wala haushuki. Tuuite fundo. Hapo kwenye fundo ndipo maji hukimbia zaidi kwenda na kurudi, kwa sababu yote yanayohama kutoka upande mmoja kwenda wa pili lazima yapite hapo.

Hori lenye mdomo kwa bahari ni kama nusu ya ziwa hilo. Kichwani, kule ndani kabisa kwenye mikoko, maji hupanda na kushuka kwa wingi. Mdomoni, bahari kubwa haikubali kupandishwa na hori dogo, kwa hiyo fundo hukaa hapo. Kanuni mbili zinafuata:

```
Ziwa (limefungwa):     T = 2 L / sqrt(g h)
Hori (lina mdomo):     T = 4 L / sqrt(g h)
```

T ni kipindi kwa sekunde, yaani muda wa kutoka kilele kimoja mpaka kingine. L ni urefu kwa mita, h ni kina cha wastani kwa mita, na g ni 9.81. Alama ya sqrt ni kipeuo cha pili. Kanuni ya kwanza inajulikana kwa jina la Merian, aliyeitoa mwaka 1828. Sehemu ya chini, sqrt(g h), ni mwendo wa wimbi refu katika maji ya kina hicho. Kwa hiyo kanuni inasema jambo jepesi: kwenye ziwa, kipindi ni muda wa wimbi kwenda mpaka mwisho na kurudi, kwenye hori, ni muda wa kwenda na kurudi mara mbili.

Mkondo ulio wazi pande zote mbili, kama ule unaopita mbele ya mji wa Lamu kati ya kisiwa hicho na Manda, hutumia kanuni ya ziwa, ila mambo yamepinduka: mafundo yako kwenye midomo miwili na maji hupanda katikati. Kuhesabu ni rahisi. Kazi ni kuamua mkondo wenyewe unaishia wapi, na kwa sababu hiyo siuchukui kuwa mfano wa mwongozo huu.

Jaribu kanuni kwenye birika

Kabla ya kuiamini kanuni kwenye maji ambayo huoni mwisho wake, iamini kwanza kwenye maji unayoyaona yote. Birika la nyumbani au la msikitini lenye kuta zilizonyooka linatosha. Tuseme urefu wake wa ndani ni mita 1.2. Acha maji ya kina cha sentimita 10 tu. Weka ubao mpana upande mmoja, usukume maji taratibu mara moja, uutoe, kisha subiri vurugu ndogo zitulie. Utaona maji yanapanda ukuta huu, yanashuka, yanapanda ule. Hesabu mara kumi yanapofika juu kwenye ukuta mmoja, kisha gawa muda kwa kumi.

Kanuni inasema: 2 × 1.2 ni 2.4, 9.81 × 0.1 ni 0.981, na kipeuo chake ni 0.99. Kipindi ni sekunde 2.4, na mara kumi ni sekunde 24. Saa yako itakubaliana na hilo kwa karibu sana.

Sasa jaza maji mpaka sentimita 30 na urudie. Kanuni inatoa sekunde 1.40, lakini saa itakuonyesha karibu 1.53. Hapo kanuni imeanza kukosea, na ni vizuri uone kwa macho yako kwa nini. Inadhani kwamba maji ni membamba mno kulingana na urefu wake, hata maji ya chini kabisa yanakimbia sawa na ya juu. Kina kikiwa robo ya urefu, maji ya chini yanabaki nyuma. Ukitaka kosa lisizidi asilimia moja au mbili, urefu uwe angalau mara kumi ya kina. Mahori na maziwa ya pwani yetu yanapita kigezo hicho kwa mbali, kwa hiyo huko nje kosa halitatoka hapa. Litatoka kwenye L na h ulizoweka.

Pima urefu

Urefu unaotakiwa ni ule wa njia ya maji. Hori likijikunja, fuata mkunjo kwenye kina kikubwa, kama nahodha anayeingia na mashua iliyojaa mzigo. Kwenye Google Earth, kifaa cha kupimia kinakuruhusu kubofya nukta nyingi mfululizo na kupata jumla ya njia.

Swali ni hori linaanzia wapi na linaishia wapi. Mdomo ni pale linapopanuka ghafla na kukutana na maji makubwa. Kichwa ni pale maji yanapoishia wakati huo unaouhesabia. Maji ya bamvua yakijaa huingia ndani ya mikoko, na yakipwa hubaki mfereji tu katikati ya matope, kwa hiyo kichwa kinahama. Chagua saa moja ya maji, uiandike, na upime urefu wa saa hiyo. Picha ya setilaiti haisemi kama ilipigwa maji yamejaa au yamepwa. Rangi ya matope yaliyo wazi ndiyo itakayokujulisha.

Pima kina, na uandike saa ya maji

Namba zilizo kwenye ramani ya bahari zimepimwa kutoka sifuri ya ramani, ambayo ni usawa wa chini ambao maji ya kupwa ni nadra kuupita. Kina cha kweli cha saa fulani ni namba ya ramani ukiongeza urefu wa maji unaosomwa kwenye jedwali la kujaa na kupwa. Ramani ikionyesha mita 2.5 na jedwali likisema maji ni mita 3.5, chini ya mashua yako kuna mita 6.

Mahori mengi madogo hayana namba za kutosha kwenye ramani, kwa hiyo utatumia bildi. Funga vitambaa kwenye kamba kila nusu mita. Pita katikati ya hori na mashua, tupa bildi kila baada ya mita mia mbili au tatu, na kila mara andika kina, mahali na saa. Saa isisahaulike. Lamu maji ya bamvua hupanda karibu mita tatu, na ndani ya saa moja katikati ya kujaa usawa unaweza kubadilika karibu robo tatu ya mita. Vipimo vilivyochukuliwa kwa saa mbili bila kusahihishwa vitakupa kina cha hori ambalo halikuwahi kuwepo. Ukirudi, toa urefu wa maji wa kila saa ili vipimo vyote virejee sifuri ya ramani, kisha ongeza urefu wa saa unayoitaka.

Hesabu kamili ya hori moja

Nitatumia hori la kubuni lenye umbo la kawaida katika maji ya Lamu: urefu kilomita 3, linaingia kutoka kwenye mkondo mkubwa na kuishia kwenye mikoko. Nimeligawa vipande vitatu vya kilomita moja moja. Saa ya bamvua iliyopwa, kipande cha kichwani kina kina cha mita 1, cha kati mita 3, cha mdomoni mita 7. Maji yakijaa yanaongezeka mita 3, kwa hiyo vinakuwa 4, 6 na 10.

Wastani wa maji kupwa ni 11 kugawa kwa 3, yaani mita 3.67. Zidisha kwa 9.81 upate 36, na kipeuo chake ni 6. Basi wimbi refu linakwenda mita 6 kwa sekunde. Urefu mara nne ni mita 12,000, na ukigawa kwa 6 unapata sekunde 2,000: dakika 33.

Wastani wa maji kujaa ni mita 6.67. Kipeuo cha 65.4 ni 8.09, na 12,000 kwa 8.09 ni sekunde 1,483: dakika 25.

Hori lile lile, siku ile ile, limetoka dakika 33 likaja 25. Kwenye maziwa makubwa ya bara mtu anaweza kuandika kipindi kimoja kwenye ubao na kikabaki hivyo mwaka mzima. Kwetu haiwezekani. Kipindi cha hori lolote la Lamu kiandikwe pamoja na saa yake ya maji, la sivyo hakina maana.

Bado kuna sahihisho la mdomo. Maji ya nje jirani na mdomo nayo yanavutwa kwenye bembea, kwa hiyo hori linatenda kana kwamba ni refu kidogo kuliko ulivyopima. Upana wa mdomo ukiwa sehemu moja ya kumi ya urefu, ongeza kipindi kwa karibu asilimia 10. Ukiwa sehemu moja ya tano, karibu asilimia 16. Mdomo wa hori letu tuseme ni mita 300, sehemu moja ya kumi. Dakika 33 zinakuwa 37, na 25 zinakuwa 27.

Maji haba yako wapi?

Hapa ndipo wengi wanapopotea, na wanaopotea zaidi ni wale makini. Mtu anaona kwamba wastani unaficha mambo, kwa kuwa wimbi linakawia kwenye maji ya mita 1 na kukimbia kwenye ya mita 7. Anaona afadhali ahesabu muda wa kila kipande peke yake, ajumlishe, kisha azidishe kwa nne. Maji yakiwa yamepwa, kipande cha kichwani kinachukua sekunde 319, cha kati 184 na cha mdomoni 121. Jumla ni 624, na mara nne ni sekunde 2,496, yaani dakika 42. Inaonekana ni jibu bora kuliko dakika 33.

Si bora. Nikilitatua hori hili kipande kwa kipande, nikihakikisha kwamba kwenye kila mpaka usawa wa maji na wingi wa maji yanayopita vinalingana pande zote mbili, jibu ni dakika 33. Wastani ulikuwa sahihi na ile jumla ya muda imezidisha kwa robo.

Lakini geuza hori. Weka mita 7 kichwani na mita 1 mdomoni, kama hori lenye tumbo la kina na fungu la mchanga linaloziba mlango. Urefu ni ule ule, wastani wa kina ni ule ule, jumla ya muda ni ile ile. Wastani unasema 33, jumla inasema 42, na jibu la kweli ni dakika 55. Kanuni zote mbili zimekwama chini.

Sababu iko kwenye lile fundo. Kichwani maji hayana kazi ya kukimbia, yanapanda na kushuka tu, kwa hiyo uhaba wa kina huko haucheleweshi sana. Mdomoni maji yote yaliyoinua hori zima lazima yapite, na yakikuta fungu yanapenya kwa shida. Mita moja ya kina inayokosekana mdomoni ina uzito kuliko mita kadhaa zinazokosekana kwenye mikoko. Kwa hiyo unapokwenda na bildi na muda hautoshi, anza na mdomo. Tupa bildi huko mara nyingi, kisha punguza kadiri unavyoingia ndani.

Mwenye kompyuta anaweza kulitatua hori lake mwenyewe kwa mistari hii ya Python. Orodha inaanzia kichwani kwenda mdomoni, kila kipande kwa urefu na kina chake:

```python
from math import sin, cos, sqrt, pi
vipande = [(1000, 1), (1000, 3), (1000, 7)]
T = 20000
while True:
    eta, q = 1.0, 0.0
    for L, h in vipande:
        c = sqrt(9.81 * h)
        a = 2 * pi * L / (c * T)
        eta, q = eta*cos(a) - q/c*sin(a), q*cos(a) + c*eta*sin(a)
    if eta <= 0:
        break
    T = T - 1
print(T / 60)
```

Inaanza na kipindi kirefu mno na kukipunguza sekunde moja moja mpaka uso wa maji mdomoni utulie kwenye sifuri, kama fundo linavyotaka. Kinachochapishwa ni dakika. Hori likiwa refu sana, T ya kuanzia iongezwe. Vipande vimedhaniwa vina upana mmoja, na sahihisho la mdomo halimo, kwa hiyo liongeze mwishoni. Kwa maji kujaa ya hori letu inatoa dakika 23 badala ya 25 za wastani, tofauti ndogo tu.

Asiye na kompyuta akumbuke hivi: maji haba yakiwa kichwani, tumia wastani, yakiwa mdomoni, jua kwamba kipindi ni kirefu kuliko hata ile jumla ya muda. Na kama mdomo ni mwembamba kabisa na tumbo ni pana, mfano ghuba kubwa inayopumulia kwenye mlango mdogo, acha kanuni ya 4L. Huko uso wote wa ndani hupanda na kushuka kwa pamoja, na kipindi kinaamuliwa na mlango na eneo la ghuba kuliko urefu wake.

Ziwa

Kwa maji yaliyofungwa hatua ni zile zile, ila sahihisho la mdomo halipo na tunazidisha kwa mbili. Kaunti ya Lamu ina Ziwa Kenyatta karibu na Mpeketoni, ziwa la maji baridi lenye kina kidogo ambalo ukame mkali huweza kulikausha. Kwa ziwa la namna hiyo, urefu na kina hubadilika kwa misimu badala ya saa. Ukikuta urefu wa kilomita 2 na wastani wa mita 2, kipindi ni 4,000 kugawa kwa 4.43, sekunde 903, yaani dakika 15. Maji yakipungua mpaka wastani wa mita 1 na ukingo ukarudi ndani hata urefu ukawa kilomita 1.5, utapata sekunde 958, dakika 16. Kupungua kwa kina kunarefusha kipindi na kupungua kwa urefu kunakifupisha, na hapa vimekaribia kufutana. Vipimo vyote viwili vichukuliwe upya kila mara. Na viboko wamo, kwa hiyo pima kutoka kwenye chombo imara na pamoja na mtu anayelijua ziwa.

Ziwa lililosomwa zaidi ya yote kwa jambo hili ni Léman, kule Uswisi, ambako mwanasayansi Forel alianza kupima seishi mwaka 1869. Lina urefu wa kilomita 73 hivi na kina cha wastani cha mita 154. Kanuni inatoa dakika 63, lakini maji yenyewe yanakwenda kwa dakika 74 hivi. Léman limepinda, na upande wake wa Geneva ni mwembamba na wenye kina kidogo. Kosa la dakika kumi na moja ndilo la kutarajia unapolitendea ziwa halisi kana kwamba ni sanduku.

Hakikisha kwa mti na saa

Hesabu imekwisha, sasa yaulize maji yenyewe. Mahali pa kupimia ni karibu na kichwa cha hori, ambako maji hupanda zaidi. Ukisimama mdomoni utakuwa juu ya fundo na hutaona kitu, hata kama seishi ni kubwa.

Simamisha bomba la plastiki la inchi nne, limezibwa chini, na utoboe tundu moja la upana wa milimita kumi karibu na mwisho wa chini. Tundu hilo linazuia vurugu za mawimbi madogo lakini linaruhusu maji ya dakika kupita bila shida. Ndani weka boya dogo lenye kijiti chepesi kilichotiwa alama za sentimita. Soma kijiti kila dakika mbili kwa muda usiopungua saa mbili, ili upate angalau mizunguko mitatu au minne. Ukisoma kila robo saa hutaiona bembea ya dakika 27 ipasavyo; utapata alama chache zisizo na sura.

Saa nzuri ni maji mafu, na zaidi ni ile saa moja kabla na moja baada ya maji kujaa, kwa sababu kina hakibadiliki sana. Chora vipimo kwenye karatasi ya miraba, kisha pitisha kwa mkono mstari laini wa kujaa na kupwa katikati yake. Kinachobaki juu na chini ya mstari ndiyo seishi. Pima kutoka kilele mpaka kilele, chukua wastani.

Maji mafu hayajai kama bamvua, kwa hiyo usilinganishe kipimo hicho na dakika 27 za bamvua. Rudi kwenye jedwali, chukua urefu wa maji wa siku hiyo, hesabu upya, ndipo ulinganishe. Ukikuta tofauti ndani ya asilimia 15, umefanya kazi nzuri. Kipimo kikizidi hesabu kwa mbali, nenda kwanza kwenye mdomo na bildi. Kuna fungu ambalo hukuliona. Kikiwa karibu theluthi moja ya hesabu, hujakosea: umekamata bembea ya pili ya hori, yenye fundo jingine ndani. Kwenye ziwa bembea ya pili ni nusu.

Kipimo kimoja zaidi kinafaa kufanywa ikiwa una shaka kama unachokiona ni mdundo wa hori au ni kitu kinachosukumwa kutoka nje. Rudia karibu na maji kupwa. Mdundo wa hori lazima urefuke kadiri maji yanavyopungua, kama hesabu ilivyoonyesha. Ukikuta dakika zile zile wakati wa kupwa na wakati wa kujaa, basi chanzo kiko nje na hori linafuata tu. Mambo hayo mawili pia huchanganyika. Tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 ilifika pwani ya Kenya takriban saa tisa baada ya tetemeko la Sumatra, na kipimo cha maji cha Lamu kiliiandika. Katika kumbukumbu za namna hiyo, mpigo wa wimbi la nje na mdundo wa maji ya bandari huonekana pamoja, na bandari huendelea kuyumba baada ya wimbi la kwanza kupita.

Hesabu hii kwa mwenye chombo

Kwa aliyefunga mashua, sentimita si jambo. Chukua hori la kilomita 3 lenye kina cha mita 6.67 kila mahali, na kichwani maji yanapanda sentimita 10 tu juu ya usawa wake na kushuka 10 chini yake. Mdomoni, ambako uso umetulia kabisa, maji yanasafiri karibu mita 57 kwenda na mita 57 kurudi katika kila kipindi, na mwendo wake wa juu ni sentimita 12 kwa sekunde. Chombo kizito kikishikwa na mkondo huo kwa dakika kadhaa kinakusanya nguvu ambayo kamba fupi iliyokazwa haiwezi kuihimili.

Kwa hiyo anayefunga karibu na fundo atazame kamba: ziwe ndefu, zilazwe mbele na nyuma, na ziachiwe nafasi. Anayefunga kichwani kamba zake hazitasumbuka, lakini atazame mkuku. Pale maji ya kupwa yanapomwachia sentimita 15 tu chini ya chombo, seishi inayoshusha maji sentimita 20 chini ya usawa wake itamketisha kwenye matope na kumwinua tena kila nusu saa, na jedwali la maji halitamwonya.